Chupa ya Akili na Hesabu Iliyofichwa Ndani Yake



Juma hili tunaijibu barua ya mama mmoja, mwenyeji wa Mombasa aliyeolewa Kitui mjini, ambaye pamoja na barua yake alituletea chupa tupu ya vidonge. Bintiye yumo kidato cha nne katika shule ya bweni upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, naye anajiandaa kwa mtihani wa KCSE. Mama alivinunua vidonge hivyo kwa mchuuzi aliyemhakikishia kuwa ni vya kuongeza akili na kumbukumbu, wala havina dawa ndani yake, ni majani na mizizi mitupu. Alivilipia kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya viatu vya shule. Chupa moja akampa binti aondoke nayo kwa njia ya Mutomo, na ya pili akambakishia mama mkwe wake, ajuza wa miaka sabini na mitano, ambaye siku hizi husahau majina ya wajukuu.

Wiki ya tatu shule ilimpigia simu. Binti alikuwa ameamka usiku wa manane mikono ikimtetemeka, moyo ukimwenda mbio, akidhani anakufa. Alipelekwa zahanati, akaangaliwa, akatulia kufikia asubuhi, na mtihani wa majaribio wa kemia aliokuwa akiusomea akaufanya akiwa hajalala. Mama anatuuliza maswali mawili. Je, vidonge hivi ndivyo vilivyomdhuru mwanangu? Na je, ajuza aendelee navyo?

Tumeisoma lebo ya chupa ile neno kwa neno. Jina la kampuni hatulitaji, kwa kuwa chupa za namna hii ni nyingi na zinafanana kama mapacha. Tunataka msomaji ajifunze kuisoma yoyote itakayomfikia mkononi.

Lebo inasema kipimo ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Katika kila vidonge viwili mna kafeini miligramu 100. Mna unga wa mbegu za gwarana miligramu 300, wenye asilimia 22 ya kafeini. Mna majani ya chai ya kijani yaliyokamuliwa miligramu 200, pasipo kutajwa yana kafeini kiasi gani. Mna maganda ya danzi yenye kitu kiitwacho sinefrini. Na mna ginko miligramu 60. Majina ni matano, na mnunuzi hudhani amepata dawa tano zenye kazi tano. Lakini matatu ya kwanza ni kitu kimoja kilichovikwa kanzu tatu. Gwarana ni mbegu ya mmea wa Brazili, na kinachoamsha ndani yake ni kafeini ile ile iliyomo katika kahawa na chai. Chai ya kijani nayo ni hivyo hivyo. Mwenye kiwanda hasemi uongo anapoyaandika mbalimbali, ila hesabu anamwachia mnunuzi, naye mnunuzi hajui kuwa kuna hesabu ya kufanywa.

Basi na tuifanye. Asilimia 22 ya miligramu 300 za gwarana ni miligramu 66. Ukizijumlisha na zile 100 zilizotajwa waziwazi, unapata 166 katika kila vidonge viwili, na chai ya kijani tumeiacha nje kwa kuwa hatujaambiwa kipimo chake. Mara mbili kwa siku ni miligramu 332. Mama alipomhoji bintiye kwa upole, ikadhihirika kuwa palikuwa na mengine. Alikuwa akinywa vikombe viwili vya chai ya rangi ya shuleni, na kikombe cha chai huwa na miligramu 40 hivi, kwa hiyo ni 80. Tena alikuwa akishirikiana na wenzake mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu iliyoingizwa kwa siri, yeye akipata mkebe mmoja kila usiku. Mkebe wa mililita 250 wa aina inayojulikana zaidi una miligramu 80. Jumla ya siku nzima ikafika 492.

Je, hizo ni nyingi? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipolichunguza suala hili mwaka 2015 ilisema kuwa mtu mzima mwenye afya aweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja, pasipo wasiwasi. Kwa watoto na vijana waliobaleghe karibuni ilikadiria miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Binti huyu ana kilo 52, kwa hiyo kipimo chake ni 156. Vidonge vya asubuhi peke yake vilikwisha kukipita kipimo cha siku nzima kabla hajagusa chai wala mkebe, na kufikia usiku alikuwa amekipita mara tatu. Hakuna alichokitumia ambacho kingemshtua mtu. Kila kimoja kilikuwa kidogo, na ni kujumlishwa ndiko kulikomletea mtetemeko ule. Jibu la swali la kwanza la mama, basi, ni kwamba dalili alizozipata binti ndizo hasa dalili za kafeini iliyozidi, na hesabu ya siku yake inaeleza vya kutosha zilikotoka.

Kuna jambo la pili ambalo lebo hailitaji, nalo ni saa. Kafeini haiondoki mwilini upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake husalia baada ya saa tano hivi. Binti alikuwa akimeza vidonge vya jioni na kunywa mkebe saa moja usiku, kabla ya masomo ya jioni. Hizo ni 166 na 80, jumla 246. Saa sita usiku, taa za bweni zimekwisha kuzimwa, bado alikuwa na takriban 123 mwilini, ambazo ni zaidi ya kikombe kizima cha kahawa. Saa kumi na moja alfajiri, anapoamshwa, zilikuwa zimebaki 60 na kitu, naye akaongeza vidonge vingine viwili juu yake.

Watafiti wa usingizi nchini Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2013 waliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kamili kabla ya kulala, na wakapima usingizi wao. Hata kwa mwanya huo mrefu, usingizi ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Na usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyapanga na kuyakaza yale yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi anayesoma hadi usiku wa manane kwa nguvu ya kidonge, kisha akalala usingizi wa mang'amung'amu, amejikatia mwenyewe sehemu ya kumbukumbu aliyokuwa akiitafuta. Asubuhi huamka mchovu, huona kwamba akili haishiki, naye huongeza kidonge. Kadiri anavyozidisha ndivyo anavyozidi kukihitaji.

Wapo watakaotuambia: lakini binti mwenyewe alisema kuwa wiki ya kwanza alisoma vizuri, alijihisi mwepesi. Hatumkanushi. Kafeini kweli huondoa usingizi na huongeza wepesi wa kuitikia, na hilo limethibitishwa mara nyingi. Yapo pia majaribio madogo ambamo kafeini ilichanganywa na theanini, kitu kipatikanacho katika majani ya chai, na waliopewa wakafanya vizuri zaidi katika vipimo vya uangalifu. Lakini majaribio hayo ni ya makundi madogo ya watu, hupima saa chache tu baada ya kumeza, na kinachopimwa ni kukaa macho na kuitikia haraka. Kukaa macho si kukumbuka. Mwenye kuuza huonyesha jaribio la wepesi, kisha juu ya chupa akaandika kumbukumbu.

Hata dawa kali zaidi, zile zinazotolewa kwa cheti cha daktari, hazikutimiza ahadi hiyo kwa watu wazima wenye afya. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 40. Kwa nyakati mbalimbali waliwapa vichocheo vitatu vya hospitalini au kidonge kitupu kisicho na dawa, pasipo mtu kujua amepewa kipi, kisha wakawapa fumbo la kuchagua vitu vya kutia katika mkoba usiobeba uzito wote. Waliopata dawa walitumia muda mrefu zaidi na kuhangaika zaidi na fumbo, walivihamishahamisha vitu kwa bidii, lakini ubora wa kazi yao ulishuka. Bidii iliongezeka na busara ikapungua. Mwanafunzi katika hali hiyo hujiona anafanya kazi kubwa, na kuhisi huko ndiko kunakomfanya aiamini chupa.

Sasa tuje kwa ajuza, maana swali lake ni la namna nyingine. Kinachosifiwa kwa wazee ni ginko, majani ya mti wa Uchina, na hapa tuna bahati kwa kuwa jaribio lake lilikuwa kubwa na la muda mrefu. Huko Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu kidonge kitupu, na wakafuatiliwa kwa miaka sita hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika waliotumia ginko, 277 walipata ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni, na katika waliotumia kidonge kitupu, 246. Tofauti hiyo ni ndogo na haitoshi kusema kuwa ginko inadhuru, lakini inatosha kusema kuwa haikukinga. Mwaka uliofuata watafiti hao hao walieleza kuwa hata kule kupungua kwa kumbukumbu kwa kawaida ya uzee hakukucheleweshwa.

Chupa ya ajuza wetu ina ginko miligramu 60 tu katika vidonge viwili, yaani 120 kwa siku, nusu ya kipimo kilichokwisha kushindwa. Pamoja nayo anapokea kafeini miligramu 332 asizozihitaji, na maganda ya danzi. Tulipouliza, mama alitueleza kuwa mkwewe anatumia dawa ya shinikizo la damu na aspirini ndogo kila siku. Hapo ndipo tulipopiga simu badala ya kungoja toleo hili. Ginko hutiliwa shaka kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu inapokutana na aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, na vichocheo hupandisha shinikizo lile lile ambalo dawa ya hospitali inajaribu kulishusha. Ajuza hakuwa akisaidiwa na kitu chochote, na alikuwa akihatarishwa na viwili. Kusahau kwake kunahitaji kuonwa na tabibu, kwa kuwa upo usahaulifu unaotibika, kama ule uletwao na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya muda mrefu, au dawa za usingizi. Kidonge cha mchuuzi humchelewesha mgonjwa kufika huko.

Tumeyataja maganda ya danzi mara mbili, na yanastahili maelezo yake. Sisi wa pwani danzi twaijua vyema, na mtu hadhuriki kwa kuikamua juu ya samaki. Lakini sinefrini iliyokusanywa kutoka katika maganda yake na kutiwa katika kidonge ni jambo jingine. Ni jamaa wa karibu wa efedrini, ambayo mmea wake ulijaa katika vidonge vya kupunguza unene huko Marekani hadi serikali ilipoupiga marufuku mwaka 2004, baada ya taarifa za watu waliopatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo na kufa. Wengi wa hao walikuwa wametumia efedrini iliyochanganywa na kafeini. Marufuku ilipotoka, baadhi ya viwanda viliigeukia danzi. Kichocheo kimoja husukuma moyo, cha pili hubana mishipa ya damu, na vikikutana moyo hulazimika kusukuma kwa kasi dhidi ya njia iliyobanwa. Kwa hiyo mtu asihesabu kafeini pekee. Akiona katika chupa moja kafeini pamoja na danzi, au pamoja na yohimbini, ambayo hutoka katika gamba la mti wa Afrika ya magharibi, ajue kuwa hatari hapo si ya kujumlisha tu, bali kila kimoja humkaza mwenzake. Na miraa na muguka ni kichocheo vilevile. Anayetafuna jani huku akimeza kidonge anafanya mchanganyiko huo huo kwa mkono wake.

Haya yote ni iwapo lebo inasema kweli. Daktari Pieter Cohen wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichunguza katika maabara bidhaa kumi za kuongeza akili, na mwaka 2021 wakaeleza walichokikuta. Mlikuwa na dawa tano ambazo hazikuidhinishwa kutumika Marekani, baadhi ya chupa zikiwa na zaidi ya moja kwa pamoja. Vipimo vingi vilivyoandikwa havikuwa sahihi, na mtumiaji aliyefuata maelekezo angeweza kupata hadi mara nne ya kipimo cha kawaida cha dawa hiyo. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya juu ya chupa ina maana yake, na isiyo nayo ni ya kuachwa dukani, lakini alama hiyo haishuhudii kuwa kidonge kinaongeza kumbukumbu. Na kampuni ikiandika tu kuwa ndani mna mchanganyiko wake maalumu wa miligramu 800 bila kutaja kila kimoja ni kiasi gani, hesabu tuliyoifanya hapo juu haiwezekani kabisa. Chupa ya namna hiyo tunashauri isinunuliwe.

Kwa dada zetu kuna neno la ziada. Mja mzito hupewa kikomo cha miligramu 200 za kafeini kwa siku, na katika miezi ya mwisho mwili wake huiondoa polepole sana, hata nusu yake ikakaa kwa zaidi ya saa kumi. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi naye huiondoa kwa takriban nusu ya kasi ya kawaida. Maana yake ni kuwa mwanamke anayeona kikombe cha jioni sasa kinamkesha, ilhali zamani hakikumkesha, huenda hajabadilika yeye ila kasi ya mwili wake. Na walio na haja ya kujua, ganda laini la vidonge vingi ni jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo. Lebo isiyotaja asili yake wala kusema kuwa ganda ni la mimea haijamtosheleza Muislamu, hata kama yaliyomo yangekuwa na faida.

Binti aliambiwa aache. Hapa tulimsihi mama asimwachishe kwa siku moja, kwa kuwa mwili uliozoea kafeini nyingi ukinyimwa ghafla hulipiza kwa maumivu ya kichwa, uchovu na ugumu wa kufikiri, yakianza kati ya saa kumi na mbili na ishirini na nne. Mtu akiacha usiku wa kuamkia mtihani, kichwa kitamuuma ndani ya chumba cha mtihani. Siku ya kwanza aliacha vidonge vya jioni na mkebe, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyomwibia usingizi na kumtetemesha. Vidonge vya asubuhi akavipunguza kuwa kimoja kwa siku tatu, kisha akaviacha, akabaki na chai yake ya asubuhi. Kichwa kilimuuma siku mbili, kidogo.

Msomaji azitofautishe dalili. Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi usio na sababu na kukosa usingizi ni onyo la kuacha na kupumzika. Lakini maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au degedege ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, na chupa ichukuliwe pamoja na mgonjwa ili tabibu aijue hesabu. Mamlaka ya dawa ya Marekani husema kafeini ya miligramu 1,200 inayomezwa kwa haraka yaweza kuleta degedege. Kwa vidonge vya chupa yetu hiyo ni chini ya kumi na tano, navyo vilikuwa vimewekwa katika sanduku la bweni wasichana wote wakijua vilipo. Baadaye, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa za madhara hata kutoka kwa mwananchi wa kawaida, na kumpelekea si kumshitaki mtu bali kuwakinga wengine.

Zahanati ile ilifanya jambo moja la maana zaidi ya kumtuliza binti. Walimpima wingi wa damu. Ulikuwa 10.8, na kwa msichana wa umri wake chini ya 12 ni upungufu. Kumbe ule uchovu na kutoshika masomo, vilivyomfanya mama akimbilie chupa, vilikuwa na sababu iliyopimika. Mwaka 1996 madaktari wa Baltimore walieleza jaribio la wasichana wa sekondari waliopungukiwa madini ya chuma hata kabla ya damu yao kupungua. Waliopewa chuma kwa wiki nane walikumbuka na kujifunza maneno vizuri zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Hapo kidonge kilisaidia kumbukumbu kwa sababu kiliziba pengo lililokuwepo. Asiye na pengo hatarajiwi kufaidika, na chuma kikizidi hudhuru, ndiyo maana kipimo hutangulia.

Tena jaribio moja la maana lilifanyika jirani kabisa, ng'ambo ya Mto Tana. Kuanzia mwaka 1998 Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Profesa Charlotte Neumann wa Kalifornia waliongoza utafiti katika shule kumi na mbili za Kyeni Kusini, Embu, kwa takriban miaka miwili. Watoto wa darasa la kwanza katika shule fulani walipewa githeri yenye nyama ya kusaga, wengine githeri na bilauri ya maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi katika kipimo cha kufumbua mafumbo ya picha. Hao walikuwa watoto wadogo wenye lishe duni, wala hatudai kuwa kipande cha nyama kitampandisha daraja kijana wa kidato cha nne. Lakini ukiuliza ni kitu gani cha kumezwa kilichopimwa kwa watoto wa sehemu hizi na kikaonekana kuinua akili, jibu lilipikwa katika sufuria.

Kwa binti wa barua yetu, tabibu alimwandikia vidonge vya chuma na kumwambia arudi kupimwa baada ya mwezi. Nasi tuliongeza jambo dogo linalosahauliwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha chakula hicho kisiingie mwilini. Pojo, wanazoziita ndengu, ambazo Kitui huzivuna kwa wingi, zina chuma, lakini ni kile kisichoingia kwa urahisi; huingia vizuri zaidi zikiliwa pamoja na chungwa au embe la Makueni, au hata mabuyu yasiyotiwa rangi. Chai isogezwe mbele kwa saa moja au mbili baada ya mlo. Hilo halina gharama yoyote, na mwanafunzi wa bweni aliweza kulifanya bila ruhusa ya mtu.

Mama ametuandikia tena. Binti analala kuanzia saa nne usiku, jambo ambalo wenzake wanalicheka, na mtihani bado uko mbele, kwa hiyo hatuna ushindi wa kuutangaza. Ajuza ameonwa na tabibu mjini Kitui na anangojea majibu ya damu. Chupa yake iliyobaki mama hakujua aifanyie nini, kwa kuwa alikuwa ameinunua kwa tabu. Tulimwomba asimpe jirani. Aipeleke kwa mfamasia, aiache huko.

Wa billahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.